Malipo yamekwama, mdogo wangu anasema hajaona kitu

*Shikamoo mshauri,*

*Mimi ni kifungua mimba katika watoto wanne. Mwaka jana tulifungua akaunti ya pamoja kwa ajili ya matengenezo ya nyumba ya mama, na wote wanne tunachangia. Watia saini ni wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na kwenye fomu tulijaza kwamba lazima tusaini wote wawili. Wazo hilo lilikuwa langu. Sikutaka siku moja mtu aje kusema dada amekula hela.*

*Sasa paa linavuja. Fundi tumeshampata, ni mpya kwetu, na anataka nusu ya hela ndipo aanze. Jumatatu nilimtumia kupitia programu ya benki, ikaandika "Pending Approval". Nikampigia mdogo wangu aidhinishe, akasema hajaona kitu. Jumatano nikatuma tena, akasema hajaona kitu. Jana nikatuma mara ya tatu, hadithi ni ile ile. Yuko safarini kikazi, mtandao wake ni wa kubahatisha, na mkewe ameshatamka mbele ya watu kwamba paa lingeweza kungoja. Sijui tena kama hili ni tatizo la mtandao au ni mgomo.*

*Nilikwenda tawini nikawaeleza kwamba hela ni zetu na mama ni wetu. Mhudumu akanijibu kwamba bila mwenzangu haiwezekani. Nilitoka machozi yakinilenga. Ndugu mmoja ananiambia, si unaijua nywila ya mdogo wako, ingia umalize kazi. Kweli naijua, mimi ndiye niliyemsaidia kujiunga, na laini yake ya zamani ambayo benki inatumia kumtumia namba za siri ipo kwenye droo yangu. Fundi amenipa hadi Jumatatu. Nifanye nini?*

*Dada Mkubwa*

---

Marahaba, dada.

Nusu ya jibu lako umeiandika mwenyewe, tena kwa kupita tu, karibu na mwisho wa barua. Laini ambayo benki inamjua nayo mdogo wako iko kwenye droo yako. Kama ni hivyo, ujumbe wa "kuna malipo yanasubiri idhini yako" nao umekuwa ukienda kwenye droo hiyo hiyo, Jumatatu, Jumatano na jana. Anaposema hajaona kitu, kuna kila dalili kwamba anasema kweli.

Benki haina habari kwamba mtu amebadilisha simu. Inachojua ni namba iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zake siku alipojiunga. Taarifa zinakwenda huko, na muhimu zaidi, ile namba ya siri ya kutumia mara moja inayohitajika ili kuingia kwenye simu mpya au kukamilisha idhini nayo inakwenda huko. Kwa hiyo hata mdogo wako angekuwa na mtandao mzuri na moyo mweupe, akafungua programu na kubonyeza "Approve", angekwama kwenye kisanduku kinachodai tarakimu ambazo haziko kwake. Mtu asiyezoea mambo haya hakwambii "nimeshindwa kwenye uthibitisho". Anakwambia haioni.

Kwa hiyo kabla hujamhesabu kuwa amegoma, mpigie umuulize jambo moja tu: tangu uanze kutumia laini mpya, umewahi kwenda benki kubadilisha namba? Usimuulize kama ameona ombi, hilo ameshalijibu mara tatu. Akisema hajaenda, kitendawili kimeteguka. Namba hiyo huwezi kumbadilishia wewe, hata ukienda na kitambulisho chake. Anapaswa kufika mwenyewe kwenye tawi lolote la benki hiyo lililo karibu naye, na kitambulisho chake, ajaze fomu ya kubadilisha taarifa zake. Aulize pia namba mpya itaanza kutumika lini, maana benki nyingi huzuia mtu kuidhinisha malipo kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa baada ya kubadilisha namba. Ni kinga dhidi ya wezi wanaoteka laini za watu. Njia nyingine, ikiwa laini ya zamani bado hai, ni kumpelekea kwa mkono wa mtu unayemwamini. Itakuwa mkononi mwake kabla fomu haijapita.

Sasa kuna jambo la pili ambalo huenda limejificha nyuma ya hilo la kwanza. Umesema fundi ni mpya. Maana yake, kabla ya kumlipa ulilazimika kumwongeza kwenye orodha ya walipwaji: jina lake, benki yake, namba ya akaunti yake. Katika akaunti inayodai saini mbili, mara nyingi hata kumwongeza mlipwaji mpya kunadai saini mbili, kwa sababu wizi wa aina hii huanzia hapo, kwa kuingiza akaunti ya mwizi kwa jina linalofanana na la fundi. Tatizo ni kwamba programu nyingi zinaweka idhini za walipwaji mahali pake na idhini za malipo mahali pake. Mtu anafungua foleni ya malipo, anaikuta tupu, anafunga simu. Kumbe aliyekwama ni mlipwaji, na malipo hayawezi kumfikia mwidhinishaji hadi huyo aliyetangulia apite.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe sasa hivi. Ingia kwenye programu, fungua yale malipo ya Jumatatu, usiishie kwenye orodha, bonyeza ndani kabisa. Kwenye ukurasa wa undani wa ombi, programu nyingi hukuonyesha ni idhini ngapi zimepatikana kati ya ngapi, kwa mfano "1 of 2", na anayesubiriwa ni nani. Ukikuta jina la mdogo wako limeandikwa pale, ombi limemfikia kwa upande wa benki, kilichobaki ni kwake kulifikia. Ukikuta hakuna jina, au linasubiri mtu mwingine kabisa, hapo kosa ni la benki katika kumsajili. Huenda walimwingiza kama mtazamaji, yaani anaona salio na taarifa ya akaunti lakini hana kitufe cha kuidhinisha. Hilo hutokea zaidi ya unavyodhani. Fomu ya karatasi inasema saini mbili, lakini aliyeingiza taarifa kwenye mfumo kampa mmoja haki kamili na mwingine haki ya kutazama, na hakuna anayegundua hadi siku ya malipo ya kwanza. Je, haya ndiyo malipo yenu ya kwanza kwa njia ya simu? Kama ndiyo, naegemea huko pia. Kisha tazama ukurasa wa walipwaji. Jina la fundi likiwa na neno "Pending" au "Inactive" pembeni, umeshapata pa kuanzia.

Wakati bado uko ndani ya programu, kuna kazi moja usiiache hadi kesho. Una maombi matatu ya malipo yale yale.

Niliwahi kufanya kazi dirishani, katika benki ambayo sitaitaja, na mteja mmoja sijamsahau. Yeye na mwenzake walikuwa na akaunti ya saini mbili ya mradi wao. Malipo yalichelewa, akatuma upya, yakachelewa, akatuma upya, kama wewe. Mwenzake aliporudi kwenye mtandao akafungua foleni, akaona mistari mitatu yenye jina lile lile na kiasi kile kile, akadhani ni simu inarudia maandishi. Akabonyeza yote matatu. Benki ikalipa yote matatu, na ilikuwa haki yake kulipa, kwa sababu kila moja lilikuwa ombi kamili lenye namba yake ya kumbukumbu na idhini mbili. Kuzirudisha hela zile mbili za ziada kulitegemea hiari ya aliyelipwa, kwani benki haiwezi kuchota kwenye akaunti ya mtu bila ridhaa yake au amri ya mahakama. Zilirudi, lakini kwa vipande vipande na kwa maneno mengi.

Kwa hiyo futa mawili, ubakize moja. Bakiza lile ambalo halijakaribia kuisha muda, kwa kawaida ni la mwisho, kwa sababu ombi lisiloidhinishwa halikai milele. Kila benki ina siku zake, na ombi likipita muda linakufa lenyewe na kuandikwa "Expired". Soma tarehe iliyo kwenye ukurasa wa undani. Ikiwa mfumo umelitengea ombi hela, utaona salio linaloweza kutumika limepungua ilhali kwenye taarifa ya akaunti hakuna kilichotoka. Usishtuke. Ukifuta ombi, hela hiyo inafunguliwa. Lakini ukiacha maombi matatu, na salio lenu halitoshi mara tatu, lile la tatu linaweza kukataliwa kwa sababu ya upungufu wa hela ambao kwa kweli haupo. Kisha mtumie mdogo wako ujumbe mfupi wenye namba ya kumbukumbu ya ombi lililobaki, jina la fundi kama lilivyoandikwa na kiasi chake, umwambie aidhinishe hilo tu. Na ukishamtumia, usiliguse tena. Ukirekebisha hata tarakimu moja ya kiasi, idhini iliyokuwapo inafutika na mnaanza upya.

Sasa tuje kwenye ushauri wa yule ndugu.

Usifanye. Sikuzuii kwa kuogopa kwamba mfumo utakugundua. Pengine hautagundua. Nywila ni sahihi, namba ya siri imetoka kwenye laini sahihi, kompyuta itaona watu wawili. Tatizo ni kwamba kwa kufanya hivyo utakuwa umesaini kwa jina la mtu mwingine, na hiyo ni kughushi, hata kama hela imekwenda kwa fundi na hakuna hata senti iliyobaki kwako. Wewe mwenyewe uliweka saini mbili ili asitokee wa kusema dada amekula hela. Siku mkewe akiuliza nani aliidhinisha, na mumewe akasema kweli kwamba si yeye, utajibu nini? Kumbukumbu za mfumo zinahifadhi saa, kifaa kilichotumika na mara nyingi mahali pake. Simu yako na simu "yake" zitaonekana ziko chumba kimoja, zimepishana dakika mbili.

Hata akikwambia kwa simu, "dada ingia tu, nimekubali", bado sikushauri. Masharti ya huduma za benki kwa simu karibu kila mahali yanakataza mtu kumpa mwingine nywila yake, na anayempa hubeba hasara mwenyewe mambo yakiharibika. Utakuwa umempokonya mdogo wako kinga yake, si kwa malipo haya tu, bali kwa lolote litakalotokea baadaye kwenye akaunti hiyo.

Na yule mhudumu aliyekutoa machozi, naomba nimtetee kidogo, kwa kuwa nilikaa kwenye kiti hicho. Fomu mliyoijaza ni maagizo kwa benki: msilipe hadi mpate idhini zetu wote wawili. Benki ikilipa kwa saini moja imevunja maagizo, na asiyesaini anaweza kuidai. Zamani hili lilibishaniwa. Mwaka 1952, katika kesi ya Brewer dhidi ya Westminster Bank huko Uingereza, mtu alighushi saini ya mwenzake kwenye hundi za akaunti yao ya pamoja, na mahakama ikaona aliyeghushiwa hana njia dhidi ya benki, kwa hoja kwamba deni la benki ni kwa wote wawili kwa pamoja, na mmoja wao ndiye mkosaji. Hukumu hiyo ililalamikiwa sana. Baadaye mahakama za huko huko zikaiacha, na mwaka 1983, katika kesi ya Catlin dhidi ya Cyprus Finance Corporation, mke alishinda baada ya taasisi hiyo kumlipa mumewe kwa saini yake peke yake ilhali maagizo yalidai saini za wote wawili. Hoja iliyoshinda ni nyepesi: sharti la saini mbili lina faida gani, kama anayelindwa nalo hawezi kudai likivunjwa? Sheria za nchi zinatofautiana, lakini mabenki yamelielewa somo. Ndiyo maana mhudumu hawezi kukuonea huruma, hata angetaka. Angekuwa anakuonea huruma kwa hela ya mdogo wako.

Ila kuna jambo alipaswa kukueleza na inaonekana hakukueleza. "Bila mwenzako haiwezekani" si sawa na "lazima mje pamoja". Idhini mbili hazihitaji kutolewa mahali pamoja wala saa moja. Kama njia ya simu itachelewa, iko njia ya karatasi. Chukua fomu ya maagizo ya malipo, ijaze yote, usaini wewe, uipeleke kwa mdogo wako kwa basi au kwa mtu, naye asaini na kuipeleka kwenye tawi lililo karibu naye. Saini yake italinganishwa na ile iliyo kwenye kumbukumbu. Hapo mwambie asaini kama alivyosaini siku ya kufungua akaunti, si kama anavyosaini siku hizi. Saini isiyofanana ni sababu kubwa ya fomu kurudishwa, na watu huigundua baada ya safari nzima. Picha ya fomu iliyotumwa kwa simu usiitegemee, benki nyingi zinataka karatasi yenyewe. Na usisaini fomu ikiwa na nafasi wazi kwenye kiasi au jina la mlipwaji, hata kwa kumwamini ndugu yako. Vivyo hivyo kwa hundi. Najua watia saini wengi ambao mmoja humwachia mwenzake kitabu kizima cha hundi zilizosainiwa tayari, "ili kazi zisikwame". Hao wana akaunti ya saini moja, ila hawajaambiana.

Ukipiga hesabu ya siku, pengine hakuna njia itakayomfikisha fundi kwenye hela yake kabla ya Jumatatu. Basi mweleze ukweli leo, usingoje Jumatatu yenyewe. Usimtumie picha ya skrini yenye "Pending Approval" kana kwamba ni risiti. Kama ni fundi mzoefu ameshaonyeshwa picha za namna hiyo na watu ambao hawakumlipa kamwe. Mwambie malipo yanasubiri idhini ya mtu wa pili, umtajie siku unayoitegemea, na uulize kama ataridhika na kiasi kidogo cha kushika kazi.

Kiasi hicho kidogo, kama unacho, kitoe mfukoni mwako. Lakini kabla ya kukitoa waandikie ndugu zako wote watatu kwenye kundi lenu: nataka kumlipa fundi kiasi hiki kutoka kwangu, kwa sababu hii, nitarudishiwa kutoka akaunti ya mama kwa saini zetu wote wawili. Ngoja mdogo wako ajibu amekubali. Mtu anayejilipa deni ambalo alilikubali peke yake hukutana na maneno, hata kama deni ni la kweli na risiti ipo. Usitoe kiasi ambacho ukikikosa utaumia, maana kukurudishia nako kutadai idhini yake.

Nilitaka kuishia hapo, lakini ninajua utakachotaka kufanya paa likishakwisha. Utataka kubadilisha masharti yawe "yeyote kati ya wawili". Kwanza ujue huwezi kulifanya peke yako. Kulegeza masharti kunadai saini za wote walioyaweka. Kuyakaza ni kinyume chake. Benki nyingi zikipokea barua ya mmoja wenu akisema kuna mgogoro, zitazuia malipo yote hadi mpatane au mahakama iamue. Yaani mlango huu mtu mmoja anaweza kuufunga, lakini kuufungua wanatakiwa wote. Likumbuke hilo kabla hujaandika barua yoyote kwa hasira, kwa sababu mkewe aliyesema paa lingengoja angepata paa linalongoja kweli.

Na sidhani kama "yeyote" ndiyo dawa yenu. Ninyi ni wanne na mnachangia wote, na sababu yako ya kuweka saini mbili bado ipo. Ningekuwa wewe ningeongeza mtia saini wa tatu kutoka kwa wale wawili waliobaki, na masharti yawe "wowote wawili kati ya watatu". Mmoja akisafiri, akiumwa, akipoteza simu au akinuna, wawili waliobaki wanaendelea, na bado hakuna anayegusa hela peke yake. Mkitaka wepesi zaidi, benki nyingi hukubali kuweka kiwango: chini ya kiasi fulani anatosha mmoja, juu yake lazima wawili. Kiwango kiwekeni kwa siku, si kwa kila malipo. Kikiwa kwa kila malipo, mtu atagawanya malipo makubwa kuwa madogo manne mchana mmoja, na masharti yenu yatakuwa pambo.

Siku mtakayokwenda kubadilisha fomu, msiondoke hapo kabla ya kujaribu. Tumeni malipo madogo kabisa, mmoja aanzishe na mwingine aidhinishe, mkiwa mmesimama mbele ya mhudumu. Muulizeni pia ukomo wa kila mmoja wenu kwa siku, kwa sababu ukomo wa mwidhinishaji nao huhesabiwa. Wewe ukiwa na ukomo wa 2,000,000 na yeye 500,000, malipo ya 900,000 utayaanzisha bila shida, naye ataambiwa amepitiliza. Kwenye simu yake itaandikwa hitilafu ambayo hataielewa, naye atakwambia, kama kawaida yake, kwamba haioni.

Mpigie leo jioni, mtandao wake ukiwa mzuri. Anza na laini, kisha ukurasa wa walipwaji, kisha ndiyo malipo. Na nywila yake, mwambie abadilishe, kwa sababu unaijua.